Mwenyekiti asalimie vipi kabla sanduku halijafunguliwa?

"Mwalimu, nimechaguliwa mwenyekiti wa chama chetu cha kuweka na kukopa hapa karibu na soko la Luanda, Vihiga. Tuko watu 24. Hotuba ya kukaribisha niliyoachiwa na mwenzangu aliyenitangulia ni orodha ya itifaki, halafu orodha ya ajenda, halafu orodha ya kanuni. Nikiisoma, watu wanaangalia simu. Nataka niongee kama mtu anayeongea na wenzake, lakini naogopa nitaonekana sina heshima. Nimekutumia yote jinsi ilivyo. Nisaidie kuiandika upya."

Mama Mwenyekiti, hotuba yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili kwa sauti, saa ya simu ikiwa mezani. Kabla sijafika kwenye "hamjambo", dakika moja na nusu ilikuwa imekwisha. Nilikuwa nimemtaja chifu, naibu wake, mzee wa mtaa, afisa wa maendeleo ya jamii, viongozi wa dini, mwenyekiti mstaafu, katibu, mweka hazina, washika funguo, na "wanachama wote kwa nafasi zenu mbalimbali". Huu ni mkutano wa kawaida wa Alhamisi. Chifu yuko ofisini kwake, na afisa hajui kama mnakutana leo. Uliowataja kwa heshima zote hawapo, na waliopo umewafikia mwisho, kwa mafungu.

Orodha hiyo ilitoka barazani, kwenye harambee na matangani, na huko ina kazi yake. Mgeni amesafiri, umati haumjui, na mpangilio wa majina unawaambia watu nani atasimama kuongea na nani atafuata. Hata maneno "itifaki imezingatiwa" yalikuja kuokoa muda: msemaji anaomba wakubwa wahesabu kwamba ameshawaheshimu mmoja mmoja, ili aendelee. Kwako yamewekwa baada ya orodha nzima, kwa hiyo hayaokoi chochote.

Usiitupe orodha. Mpe katibu. Katika daftari la kumbukumbu kuna sehemu ya waliohudhuria, ya waliotuma udhuru na ya wageni. Hapo majina yaandikwe kamili, na vyeo vyao, kwa mpangilio unaofaa. Mwakani mkibishana nani alikuwepo siku fulani, mtafungua ukurasa huo. Hakuna atakayekumbuka ulivyomtaja kwa mdomo.

Kuhusu heshima, nakuelewa. Lakini watu 24 wanaoonana kila baada ya wiki mbili hawaheshimiani kwa vyeo. Wanaheshimiana unaposubiri mama mzee aketi kabla hujaanza, au unapomkumbuka aliyefiwa. Luanda pia ni pahali pa lugha zaidi ya moja. Nimeona kwenye sajili yako majina ya Kinyore na ya Kijaluo, basi salimia kwa zote mbili, neno moja moja, kisha urudi kwenye Kiswahili. Ukisema "Mulembe" bila "Amosou", kuna upande wa chumba utakaojiona umekuja kwa wenyewe.

Sasa tuingie kwenye sentensi zenyewe, maana hata orodha ikiondoka, ugumu mwingi bado umebaki ndani yake. Chukua hii uliyoiandika:

"Kuhusu suala la mikopo, inasisitizwa kwamba marejesho ya mikopo yote pamoja na riba husika yanapaswa kukamilishwa kabla ya ukamilishaji wa mzunguko wa fedha."

Jiulize nani anafanya nini hapo. "Inasisitizwa", na nani? "Yanapaswa kukamilishwa", na nani? Hakuna mtu ndani ya sentensi hiyo. Kuna marejesho, suala, ukamilishaji na mzunguko, vyote vikitembea peke yao. Mama aliyekaa nyuma na mkopo wa shilingi elfu nne hawezi kujua kwamba anaambiwa yeye. Kiswahili kimetupa viambishi vifupi vya kumweka mtu ndani ya kitenzi: ni-, u-, tu-, m-. Mwenyekiti anayeongea na wenzake huvitumia hivyo. "Tulikubaliana mikopo yote irudi kabla Novemba haijaisha." Sentensi imepata watu, na "ukamilishaji wa mzunguko" umekuwa mwezi ambao kila mtu anaujua.

Angalia pia nilivyobadilisha majina kuwa vitenzi. "Marejesho yakamilishwe" imekuwa "irudi". "Ucheleweshaji wa kufika" inakuwa "ukichelewa". Kile kipande kidogo cha -ki- kinakufanyia kazi kubwa mkutanoni, kwa sababu kanuni nyingi za chama zina umbo hilohilo: ukifanya hivi, litatokea hili. "Ukichelewa, faini ni shilingi hamsini." Mtu akisikia mara moja, ameshika. Ukimwambia "faini itatozwa kwa mujibu wa kanuni kwa wanachama watakaobainika kuchelewa", itabidi aitafsiri kwanza kichwani mwake, na akitafsiri hakusikilizi tena.

Halafu kuna "ningependa kuchukua fursa hii adimu kuwakaribisha nyote". Fursa si adimu, mnakutana mara mbili kwa mwezi. Tena hicho kiambishi -wa- kwenye "kuwakaribisha" kinaweza kuwa cha "nyinyi" au cha "wao", ndiyo maana wengine huongeza -ni mwishoni, "nawakaribisheni", ili kisipotoshe. Wewe huhitaji kufika huko. Kuna neno moja linalotosha: karibuni. Limeshabeba heshima na wingi.

Ajenda nayo umeisoma kwa namba, moja hadi tisa, ukianza na maombi na kumalizia na mengineyo. Masikio hayashiki vitu tisa. Na hakuna haja, kwa sababu mkutano wa chama kinachoweka pesa zake kwenye sanduku lenye kufuli tatu una njia yake ambayo wanachama wako wameizoea: mfuko wa jamii, ununuzi wa hisa, marejesho, mikopo mipya, kisha salio na kufunga. Waambie njia hiyo kama unavyomwelekeza mtu dukani, "tutaanza na… halafu… na mwisho…", na uitaje saa mtakayomaliza. Akina mama walioacha vibanda vyao sokoni wanataka kujua saa hiyo kuliko kitu kingine chochote utakachosema.

Kanuni 11 sitazigusa sana. Usizisome zote. Chagua moja inayohusu siku ile, iseme kwa -ki-, basi. Nyingine ziko kwenye katiba yenu na kila mtu aliweka sahihi.

Hotuba sasa inabaki na kitu kimoja. Kila mkutano una jambo ambalo mtu asipolisikia ataumia. Lako nililitafuta nikalikuta ukurasa wa pili, chini, kati ya kanuni ya simu na kanuni ya mavazi. Ni lile la mikopo na mgao. Mtagawana akiba na faida Desemba. Kabla ya kugawana, pesa zote lazima ziwe zimerudi sandukuni, vinginevyo thamani ya hisa moja haihesabiki sawasawa, na aliyerudisha atangojea aliye na deni. Kwa hiyo anayekopa mwisho wa Septemba hawezi tena kupewa miezi mitatu. Watu wako wakikosa kusikia hilo Alhamisi hii, mtagombana Novemba. Basi hilo ndilo liwe hotuba.

Hii hapa nimeiandika kama ungeisema Alhamisi ya mwisho ya Septemba, nikitumia kanuni zenu: hisa ya shilingi 200, mfuko wa jamii shilingi 50 kila mkutano, riba ya asilimia 10 kwa mwezi juu ya mkopo wa mwanzo.

"Hamjambo? Mulembe. Amosou. Karibuni. Njooni huku mbele, viti bado viko.

"Mama yetu amerudi leo baada ya kumzika dada yake. Mama, pole sana. Tumefurahi umekaa nasi tena.

"Nina neno moja kabla hatujafungua sanduku. Desemba tunagawana. Hatuwezi kugawana pesa ambayo bado iko mikononi mwa watu. Ndiyo maana mkutano uliopita tulikubaliana mikopo yote irudi kabla Novemba haijaisha. Sasa, anayekopa leo ana miezi miwili. Si mitatu, ni miwili. Ukichukua elfu sita, riba ya mwezi mmoja ni mia sita. Miezi miwili, elfu moja mia mbili. Kwa hiyo utatuletea elfu saba mia mbili. Ukiona ni nzito, chukua kidogo, au ngoja tugawane kwanza.

"Na kama tayari una mkopo, na unaona Novemba itakubana, usinyamaze. Tukimaliza nitabaki hapa na mweka hazina. Njoo tuongee.

"Leo tutaanza na mfuko wa jamii, hamsini hamsini. Halafu hisa. Halafu marejesho, na mwisho mikopo mipya. Saa kumi tunafunga.

"Washika funguo, njooni. Na nyinyi wengine niambieni: Alhamisi ile tulifunga sanduku na shilingi ngapi?"

Isome kwa sauti ukiwa peke yako. Kwangu ilichukua kama dakika moja na robo, yaani fupi kuliko salamu zako za zamani peke yake.

Nieleze mahali pawili ambapo unaweza kujiuliza kwa nini nimefanya hivyo. La kwanza ni zile pesa. Sikusema "riba ya asilimia 10" ndani ya hotuba, ingawa ndiyo iliyoandikwa kwenye katiba. Asilimia ni ya karatasi. Mtu anayeuza omena hahesabu asilimia kichwani, anahesabu mia na elfu. Nikachukua mkopo mmoja wa kawaida nikaupeleka hadi mwisho, hatua kwa hatua, mia sita, kisha elfu moja mia mbili, kisha jumla. Mwenye kutaka elfu tatu atagawanya mwenyewe. Usitoe mifano mitatu. Ukitoa mitatu, watu wanachanganya jumla ya huu na riba ya ule, nawe utaulizwa maswali hadi jioni. Chagua kiasi ambacho wengi wenu hukopa.

La pili ni mwisho wake. Hotuba yako iliishia "na kwa hayo machache, nawatakia mkutano mwema". Yangu inaishia kwa swali, na swali hilo si pambo. Mtindo huu wa vikundi vya sanduku ulianzia nchini Niger, mwaka 1991, kwenye mradi wa shirika la CARE uliojulikana kwa Kihausa kama Mata Masu Dubara. Wengi wa wanawake wa mradi huo hawakujua kusoma, na vikundi vya mwanzo viliendeshwa bila maandishi, hesabu zikiwekwa kichwani. Mpaka leo, hata penye madaftari, mkutano hufungwa kwa kutangaza salio la mfuko wa mikopo na la mfuko wa jamii, wanachama wakariri, na mkutano unaofuata huanza kwa kuwauliza. Wakisema, pesa zinahesabiwa mbele yao. Zikilingana, mnaendelea. Zisipolingana, mnajua mapema, kabla pesa mpya hazijaingia kuchanganyika na za zamani.

Kwa hiyo mwenyekiti akiuliza "shilingi ngapi?", kazi ya mkutano imeshaanza bila watu kuona ilipoanzia. Wale mama watatu wanasimama, kila mmoja akifungua fundo la leso alilofungia ufunguo wake, na kabla kufuli ya tatu haijalia, huko nyuma kuna mtu ameshasema kiasi na mwingine amembishia. Hakuna anayeangalia simu wakati huo. Hotuba iwafikishe hapo, kisha inyamaze.

Kuna hatari moja ya kusema moja kwa moja, na niliijua kwa kosa langu. Miaka ya nyuma nilimsaidia mwenyekiti wa kikundi fulani upande wa Kakamega. Nikamwambia aache orodha, aseme na watu. Sikumwambia mpaka uko wapi. Mkutano uliofuata nilikuwepo. Akasimama, akasalimia vizuri kabisa, halafu akasema: "Karibuni wote, na wale watatu wenye madeni wanajijua." Vichwa vyote vikageuka. Mmoja wa wale watatu alikuwa ametuma pesa kwa M-Pesa asubuhi ileile, ila mweka hazina alikuwa hajaandika. Alikaa hadi mwisho bila kusema neno, akanunua hisa zake, na baada ya siku hiyo sikumwona tena kikundini. Ningemwambia mwenyekiti jambo moja tu, lisingetokea: katika kukaribisha, ongea na kila mtu kwa "wewe" ambayo haina jina. "Kama una mkopo na unaona Novemba itakubana" inamfikia mwenye deni akiwa amekaa kwa amani, na wenzake hawajui ni nani. Jina lake litatajwa wakati wa marejesho, daftari likiwa wazi, naye akiwa na nafasi ya kujibu.

Jina lililo salama wakati wa kukaribisha ni la kumpa mtu pole au hongera. Hata hilo, muulize mwenyewe kwanza pale nje. Wapo wasiopenda msiba wao utajwe mbele ya watu.

Mpaka mwingine ni huu: usitumie hotuba ya kukaribisha kuweka jambo jipya. Ona nilivyoandika "mkutano uliopita tulikubaliana". Kama hamkukubaliana, sentensi hiyo ni uongo, na ile "tu-" inakuwa njia ya kuwaburuta watu. Jambo ambalo halijaamuliwa lipeleke kwenye mjadala, uliweke kama swali, kisha katibu aandike uamuzi. Watu huipokea lugha nyepesi haraka, kwa hiyo ukiitumia kupitisha kanuni ambayo hawajaijadili, watakubali leo na kukukataa wakifika nyumbani.

Usiikariri hotuba hii neno kwa neno, na usiisome. Ukisoma, sauti yako itarudi ileile ya orodha, hata maneno yakiwa mepesi. Chukua kikaratasi, andika maneno manne: pole, Novemba, elfu sita, funguo. Kishike mkononi. Yaliyobaki yatakuja kwa namna unavyoongea wewe. Kama wewe husema "mnisikize kidogo" badala ya "nina neno moja", sema hivyo.

Utajuaje kama imefika? Usiwaulize kamati, watakusifu. Siku ya pili ukipita sokoni, mtafute mmoja aliyekaa nyuma, umuulize kwa upole: "Jana nilisema mikopo irudi lini?" Akisema Novemba, imefika. Akikwambia "ulitukaribisha vizuri sana, mama", basi kuna kitu kingine bado kinaifunika Novemba. Tafuta ni kipi ukiondoe. Mara nyingi ni tangazo la pili au la tatu ulilochomeka njiani ukifikiri halitachukua muda.

Imebaki siku ya mgao, maana Desemba unaweza kuwaalika chifu na afisa kweli. Siku hiyo wataje, kwa sababu wamekuja. Ila kila mgeni mpe sentensi moja inayosema amekuja kwa nini au amewafanyia nini, badala ya kumpa cheo kitupu. "Bwana Chifu, karibu. Mvua ilipotuvuruga ulitupa chumba cha kukutania, na leo umekuja kuona tulichokipata." Aliye mkubwa mtangulize, mpangilio huo usiuvunje. Majina na matamshi yake yapate kwa katibu kabla hujasimama. Wageni wakizidi watatu, waachie mshereheshaji awatambulishe, nawe usirudie.

Lile swali la salio siku hiyo liondoe kwenye hotuba. Mbele ya wageni na watoto wanaochungulia dirishani, haifai umati ujue sanduku lina kiasi gani na kila mama ataondoka na ngapi. Karibisheni wageni, waongee, wanywe chai, muwasindikize. Mkirudi ndani mkafunga mlango, ndipo uwaite washika funguo na kuwauliza wenzako walifunga na shilingi ngapi.